Chupa za plastiki Mombasa: jinsi ya kununua kilo bila kulipia hewa

Anayeanza biashara ya kununua chupa tupu na kuziuza kwa wenye viwanda huanza, mara nyingi, kwa hesabu moja tu: chupa ananunua kwa shilingi 15 kwa kilo, kiwanda kinanunua kwa 27, basi faida ni shilingi 12. Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha wala la kutoa, lakini inasahau kwamba chupa ya plastiki ni kitu chepesi kilichojaa hewa. Unaponunua na unapouza, mizani inasoma uzito. Unapolipa kodi ya ploti na nauli ya lori, unalipia nafasi. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndiko faida inakopotelea, na mwongozo huu unafuata pengo hilo kuanzia kwa mnunuzi hadi kwenye geti la yadi.

Nimechagua chupa za vinywaji, yaani zile zenye alama ya pembetatu yenye namba 1 na herufi PET au PETE chini yake, na si chuma chakavu. Sababu ni ya kisheria kabla ya kuwa ya kibiashara. Nchini Kenya, kununua na kuuza chuma chakavu kunasimamiwa na Sheria ya Chuma Chakavu ya mwaka 2015, inayomtaka kila mfanyabiashara awe na leseni. Mnamo Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kukosa umeme, serikali ilisimamisha biashara hiyo yote na haikuifungua hadi Mei mwaka huohuo. Waliokuwa na mzigo uani walikaa nao miezi mitatu na zaidi bila kuweza kuuuza. Shaba na alumini zina bei nzuri, na kilo zake hazichukui nafasi kubwa, lakini ndizo pia zinazoletwa usiku zikiwa nyaya zilizochunwa au vifuniko vya mitaro. Kwa hiyo ikiwa huna leseni, usiweke chuma chochote kwenye mizani yako, hata mikebe ya soda inayokuja imechanganyika na chupa. Irudishe palepale mbele ya aliyeileta.

Anza kwa mnunuzi, si kwa chupa

Kabla ya kununua kilo ya kwanza, nenda ukamwone utakayemuuzia. Mombasa kuna ngazi tatu za wanunuzi. Wa chini ni mwenye yadi ya mtaani, ambaye ndiye wewe utakuwa. Wa kati ni wakala mwenye lori na pengine mashine ya kushindilia, anayezunguka Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu akikusanya mizigo ya yadi ndogo. Wa juu ni mwenye kiwanda cha kusaga chupa kuwa vipande, au kampuni inayosafirisha marobota kwenda Nairobi au nje ya nchi. Bei hupanda kadiri unavyopanda ngazi, lakini masharti nayo hupanda: mwenye kiwanda hutaka tani kadhaa kwa mkupuo, hutaka rangi zimetenganishwa, na mara nyingi hulipa baada ya siku kadhaa, si papo hapo.

Muulize maswali manne, na uandike majibu. Anachukua rangi gani, na kila rangi kwa bei gani? Anataka vifuniko viwe vimetolewa au viachwe? Anapima wapi, kwako au kwake, na anakata asilimia ngapi kwa ajili ya maji na uchafu? Analipa lini? Swali la tatu ndilo wengi hulisahau. Mnunuzi anayekuahidi shilingi 27 halafu anakata kilo 10 katika kila 100 anakulipa 24 na senti 30, na ni afadhali ujue hivyo mapema kuliko kujua ukiwa umeshashusha mzigo.

Bei hizi hazisimami mahali pamoja. Chupa zilizosagwa hushindana na plastiki mpya, na plastiki mpya hutokana na mafuta, kwa hiyo mafuta yakishuka bei katika soko la dunia, kama yalivyoshuka mwaka 2020, mwenye kiwanda hana haja ya kununua chupa zako kwa bei ya zamani. Ndiyo maana siwashauri wanaoanza kuweka mzigo miezi wakisubiri bei ipande. Kwa upande mwingine, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawataka wazalishaji wawajibike kwa vifungashio vyao hata baada ya mnunuzi kuvitupa, na PETCO, chombo kilichoundwa na kampuni zenye kutumia chupa hizi, kimekuwepo nchini tangu 2018 kikishughulika na ukusanyaji wake. Uliza iwapo mnunuzi wako anapokea msaada kupitia mpango wa aina hiyo, kwa kuwa mnunuzi wa namna hiyo hatetereki upesi soko linapolegea.

Kuijua chupa

Namba 1 iliyo chini ya chupa ndiyo alama ya kwanza, lakini chupa iliyokanyagwa na malori haisomeki. Igeuze utazame kitako. Chupa ya PET huwa na kitone kimoja katikati ya kitako, mahali plastiki ilipoingilia kwenye kalibu. Chupa ya plastiki ngumu, kama ya maziwa, ya sabuni au mtungi wa lita 20, huwa na mstari unaokata kitako kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiwa bado una shaka, kata kipande ukitumbukize katika ndoo ya maji: PET huzama, plastiki ngumu huelea. Vifuniko navyo huelea, kwa sababu havikutengenezwa kwa plastiki ileile, na ndiyo sababu viwanda huweza kuvitenganisha na chupa ndani ya birika la maji.

Ile inayotia hasara ni PVC, yenye namba 3. Huwa angavu kama PET na huzama kama PET, lakini kitako chake kina mstari, na ukiikunja hubaki alama nyeupe kwenye mkunjo. PET huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 250, na kabla ya kufika huko PVC imeshaungua na kutoa asidi inayoigeuza PET yote kuwa ya manjano. Chupa chache zikiingia katika tani nzima zinatosha kumfanya mwenye kiwanda aukatae mzigo. Si nyingi siku hizi, lakini mchambuzi wako lazima aijue kwa macho na kwa vidole.

Gawanya chupa katika mafungu matatu: nyeupe angavu, samawati na kijani, na zile za kukataa. Fungu la mwisho lina chupa za mafuta ya kupikia ambazo mnunuzi wako hakuzikubali, chupa nyeupe zisizoonyesha upande wa pili, zile ambazo jua la pwani limezikausha hadi zinapasuka zikiguswa, na vikasha vya matunda na keki. Vikasha hivyo huwa na namba 1 kama chupa, na muuzaji atakuonyesha namba hiyo kwa ushahidi. Mueleze kwa upole kwamba plastiki ya vikasha huyeyuka tofauti na ya chupa na kwamba mnunuzi havichukui.

Mizani, maji na mchanga

Mizani ya kuning'iniza inatosha kwa kuanzia, lakini iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri wa Idara ya Vipimo na Mizani, ambao hutolewa upya kila mwaka. Wewe mwenyewe ijaribu kila Jumatatu: pima lita 20 za maji kwa chombo cha lita moja, zitie katika mtungi uliokwisha kuupima ukiwa mtupu, kisha uupandishe. Maji ya lita 20 yana kilo 20, na mizani ikionyesha kilo 19 au 21 wanaokuuzia watalijua kabla yako.

Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 15 hivi. Vijiko viwili vya chakula vya maji yaliyosalia ndani yake ni gramu 30, yaani maradufu ya chupa yenyewe. Si lazima mtu awe na nia ya kudanganya. Aliyeokota chupa kando ya mtaro baada ya mvua ya masika hana habari na kilichomo. Zilizotoka ufukweni huja na mchanga uliogandamana na chumvi ndani ya shingo. Kwa hiyo weka utaratibu mmoja kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji: gunia linamwagwa kwenye turubai, vifuniko vinafunguliwa, maji yanamwagwa, kisha ndipo tunapima. Mwambie, «Mama, tuyamwage maji kwanza, halafu tutazame mshale pamoja.» Akiutazama mshale pamoja nawe mara mbili tatu, ataanza kuyamwaga nyumbani, na gunia lake utaliona kwa namna linavyobebwa kwamba ni la chupa kavu.

Chupa safi hutoka mahali ambapo zimetupwa mbali na chakula. Kumbi za harusi, shule, stendi za matatu na mahoteli ya Nyali na Bamburi ni bora mara nyingi kuliko jaa la Mwakirunge, ambako chupa huja na kila aina ya uchafu. Mahoteli makubwa, hata hivyo, hayampi mtu taka zao bila karatasi. Kanuni za usimamizi wa taka zinamtaka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na juu yake kuna leseni ya biashara ya kaunti. Anayeanza bila leseni ya kusafirisha na abaki kwenye yadi yake akinunua kutoka kwa wanaoleta, na amwachie wakala aliyeidhinishwa kazi ya kubeba. Ugavi hubadilika kwa msimu: Disemba na Agosti, wageni wakiwa wengi, chupa hufurika, kabla ya Ramadhani harusi huzidi, na Aprili hadi Juni, mvua ikinyesha na hoteli zikipunguza wafanyakazi, magunia hupungua na yanayokuja huwa yamelowa.

Kukanyaga, na nafasi inayobaki

Chupa zisizokanyagwa, zikimiminwa katika nafasi ya mita moja kwa mita moja kwa mita moja, zina uzito wa takribani kilo 22. Zikikanyagwa vizuri zinafika kama 45. Zikishindiliwa kwa mashine ya wastani na kufungwa marobota, zinaweza kufika 180, na mashine kubwa za umeme huzidi hapo. Tarakimu hizi tatu ndizo zinazoamua ukubwa wa ploti na faida yako, kwa hiyo inafaa kuzikariri.

Kukanyaga kuna namna yake. Kifuniko kikiwa kimekazwa, hewa haina pa kutokea, na chupa hurudi kama mpira au kifuniko huchomoka kwa kasi ya kuumiza jicho. Legeza kifuniko, ilaze chupa ubavu, kanyaga kuanzia kitakoni kuelekea shingoni ili hewa itoke, kisha ukaze kifuniko kabla hujainua mguu. Ikikazwa ikiwa bapa hubaki bapa. Kama mnunuzi hataki vifuniko, vitoe kabisa na uviweke katika gunia la peke yake. Ni plastiki ngumu na vina soko lake, ingawa hujaza gunia polepole.

Tuseme unanunua kilo 800 kwa wiki. Zikikanyagwa zinajaza karibu mita 18 za ujazo, na magunia yakipangwa hadi urefu wa mita 2 yanataka eneo la mita 9 za mraba. Ongeza nafasi kama hiyo ya turubai la kuchambulia, njia ya mita moja kila upande, na pembe ya zile za kukataa, na utaona kwamba ploti ya mita 5 kwa 6 inatosha barabara, mradi mzigo utoke kila wiki. Mzigo ukikaa mwezi mzima, ploti ileile haitoshi hata kwa magunia peke yake. Wengi hukwama hapa: wananunua vizuri wiki mbili, nafasi inajaa, wanawarudisha wanaoleta chupa, na wakirudishwa mara mbili huenda kwa jirani na hawarudi.

Chagua ploti iliyoinuka, kwa sababu maji ya mvua yakiingia chini ya magunia yanaongeza tope ambalo mnunuzi atalikata. Mlango uwe na upana wa kupitisha mkokoteni, na barabara iwe na mahali lori linaweza kusimama. Paa la mabati au la makuti linatosha kwa chupa, lakini kwa sababu ya moto ni heri mabati. Tandika pale za mbao chini.

Hesabu ya mwezi mmoja

Bei nitakazotumia ni za mfano, nawe uweke za kwako, lakini mpangilio wa hesabu haubadiliki. Umenunua kilo 3,200 kwa mwezi kwa shilingi 15, jumla shilingi 48,000. Kilo 10 katika kila 100 zimepotea kwa maji, mchanga, lebo na zilizokataliwa, kwa hiyo unazo kilo 2,880 za kuuza: nyeupe 2,240 na za rangi 640. Kodi ya ploti ni 6,000. Wachambuzi na magunia vinagharimu shilingi moja kwa kila kilo uliyonunua, yaani 3,200. Lori la Kanta lenye boksi la mita 4 kwa 2 kwa 2, ambalo ni mita 16 za ujazo, linatoza 4,500 kwa safari moja hadi kiwandani.

Ukisikia bei ya kiwandani, shilingi 27 kwa nyeupe na 20 kwa za rangi, unaona mauzo ya shilingi 73,280, na ukitoa 48,000 za kununulia unabaki na 25,280. Lakini Kanta hiyo, chupa zikiwa zimekanyagwa tu, inabeba kilo 720. Utahitaji safari 4, yaani shilingi 18,000. Zimebaki 7,280. Toa uchambuzi, zimebaki 4,080. Toa kodi, na umepata hasara ya shilingi 1,920, baada ya kufanya kazi mwezi mzima na kuuza kwa bei ya juu kabisa sokoni. Kama hukuzikanyaga hata kidogo, lori lingebeba kilo 350 hivi, na nauli pekee ingekuwa karibu shilingi 13 kwa kilo.

Sasa mchukue wakala anayekuja kwako na lori lake na kutoa 22 kwa nyeupe na 16 kwa za rangi. Watu humwita mnyonyaji kwa sababu ya shilingi 5 anazopunguza. Mauzo ni 59,520. Toa ununuzi, zimebaki 11,520. Toa uchambuzi na kodi, unabaki na shilingi 2,320. Ni kidogo, lakini ni faida, na huna safari ya kuhangaikia. Kwa yadi isiyo na mashine, huyu ndiye mnunuzi sahihi, na nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wenye bidii wakifunga yadi kwa kukimbilia bei ya kiwandani.

Njia ya tatu ni kushindilia. Ukipata mashine ya kukodi, au ya kushirikiana yadi tatu nne, kwa gharama ya shilingi 2 kwa kilo, kilo 2,880 zote zinaingia katika safari moja ya Kanta. Kutoka zile 25,280 unatoa nauli 4,500, uchambuzi 3,200, kushindilia 5,760 na kodi 6,000, unabaki na 5,820. Kabla ya kupakia, hakikisha kwamba gari lenyewe linaruhusiwa kubeba uzito huo wa karibu tani 3. Marobota hayo yakipangwa hadi mita moja na nusu yanachukua mita 11 za mraba, kwa hiyo ploti yako inatosha kusubiri mzigo ukamilike.

Angalia jambo moja zaidi katika hesabu ya wakala. Upotevu ukipanda kutoka kilo 10 hadi 15 katika kila 100, kwa sababu hukumwaga maji au mchambuzi alikuwa na haraka, unauza kilo 160 pungufu, na faida ya 2,320 inageuka hasara ya karibu shilingi 1,000. Andika kila siku kilo ulizonunua na kilo zilizotoka kwenye turubai baada ya kuchambuliwa, katika safu mbili za daftari moja. Safu hizo zikianza kuachana, kagua magunia ya siku hiyo kabla hujakagua kitu kingine.

Utahitaji pia fedha za mzunguko. Wanaoleta chupa hulipwa papo hapo, wengi wao kwa M-Pesa, nawe unalipwa mzigo ukitoka. Katika njia ya wakala wa kila wiki, fedha zilizofungwa ni 12,000. Katika njia ya marobota ni 48,000, pamoja na siku za kusubiri malipo. Asiyekuwa nazo asianze na marobota, hata kama hesabu yake ndiyo nzuri zaidi.

Yanayoumiza watu kwenye yadi

Jeraha la kawaida ni la sindano. Sindano hutumbukizwa ndani ya chupa na mtu aliyefikiri anafanya usalama, na mchambuzi anayekanyaga chupa hiyo kwa ndala huchomwa wayo. Gambuti zenye soli nene ni za lazima kwa anayekanyaga, na glavu za mpira mzito kwa anayechambua, kwa sababu glavu za kitambaa hazizuii kitu. Usiingize mkono ndani ya gunia, limwage. Chupa yenye sindano isifunguliwe: iweke nzima katika ndoo yenye kifuniko na uipeleke kituo cha afya kilicho karibu ukaulize wanavyopokea. Aliyechomwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikikamue, na aende hospitali siku hiyohiyo, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Kila mchambuzi apate chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, ambayo huchomwa mara tatu katika muda wa miezi sita.

Chupa zinazonuka petroli, mafuta ya taa, dawa ya wadudu au asidi ya betri zikataliwe kabla ya kupimwa. Petroli huuzwa kwa chupa katika vijiwe vingi vya bodaboda, kwa hiyo si jambo la nadra. Usiisogeze pua mdomoni mwa chupa kuijaribu. Harufu ya kweli huifikia pua yako ukiwa umeishika mbali. Chupa yenye kimiminika usichokijua isimwagwe kwenye mtaro wala kuchanganywa na nyingine.

Mombasa ina jambo jingine ambalo yadi za bara hazilijui sana. Mbu wa mchana anayeeneza homa ya dengue na chikungunya, ambazo zimelipuka mjini hapa zaidi ya mara moja, hutaga katika maji machache yaliyotulia, na katika joto la pwani yai huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi siku 10. Chupa iliyokatwa, kifuniko cha ndoo, mkunjo wa turubai uliobeba maji ya mvua, vyote vinamtosha. Baada ya kila mvua zunguka yadi na kumwaga kila kilichoshika maji, na usiache fungu la kukataa likae nje zaidi ya wiki. Majirani wakianza kuugua, yadi ndiyo itakayonyooshewa kidole kwanza, na mara nyingine kwa haki.

Zilizokataliwa zipelekwe kwa mwenye leseni ya kubeba taka, zisichomwe. Moto wa kuchoma takataka kidogo pembeni ndio unaoruka hadi kwenye magunia, na plastiki ikishika moto hutoa moshi mweusi mzito na matone yanayowaka yanayodondokea gunia la chini. Jiko la mama wa chai, mchomeleaji wa jirani na sigara vikae mbali na mzigo, na usipange magunia chini ya nyaya za umeme. Acha njia ya mita moja kati ya mafungu na kati ya fungu na ukuta, uwe na pipa la maji lenye ndoo mbili na geti linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo wakati watu wako kazini. Magunia yasipite mita 2, kwa kuwa gunia la juu likiteleza huangukia anayechambua chini. Robota la kilo 50 au 60 libebwe na watu wawili, au lisukumwe kwa mkokoteni. Usiku asilale mtu ndani ya yadi. Mlinzi awe na kibanda chake nje ya geti, upande unaotoka upepo.